Uchanganuzi: Dola hupanda dunia ikiingiwa na hofu, na Kakuma huhisi

Benki ya Lehman Brothers ya New York ilipofilisika Septemba 15, 2008, masoko ya fedha yaliingiwa na hofu kote duniani. Chanzo cha msukosuko huo kilikuwa Amerika kwenyewe, lakini badala ya wawekezaji kuikimbia sarafu ya nchi hiyo, waliikimbilia.

Nchini Kenya, dola iliyokuwa takriban Sh62 mwezi Mei mwaka huo ilifika karibu Sh78 kufikia Desemba. Kwa mkimbizi wa Kakuma anayetumiwa dola 100 na jamaa yake aliyehamia Amerika, Sh6,200 ziligeuka kuwa Sh7,800 kabla ya kutoa ada, ingawa aliyezituma hakuongeza hata senti.

Sababu ya kwanza ni madeni. Kampuni na benki nyingi nje ya Amerika hukopa kwa dola, na mikopo hiyo huwa ya muda mfupi. Hofu inapozuka, wakopeshaji hukataa kuongeza muda, na kila mdaiwa hulazimika kusaka dola kwa wakati mmoja. Sababu ya pili ni hati za dhamana za serikali ya Amerika. Soko lake ni kubwa kiasi kwamba mwenye mabilioni anaweza kuziuza siku yoyote bila kuiporomosha bei. Anayeogopa haulizi atapata faida gani. Anauliza kama ataweza kutoka.

Yeni ya Japani hupanda kwa njia tofauti. Kwa kuwa riba yake imekuwa ndogo kwa miaka mingi, wawekezaji huikopa na kununua mali kwingineko. Wakiogopa, huuza mali hizo na kuinunua tena yeni ili walipe.

Shilingi huumia kwa sababu wageni wanaouza hisa zao Nairobi hubadilisha mapato kuwa dola kabla ya kuondoka.

Hata hivyo, faida ya Kakuma ina mipaka. Mafuta na ngano kutoka ng'ambo hununuliwa kwa dola, na bei zake kwa shilingi hupanda isipokuwa bei ya dunia nayo ishuke, kama ilivyotokea kwa mafuta baada ya Julai 2008. Mfugaji wa Lodwar anayeuza mbuzi kwa shilingi hana dola ya kumkinga. Naye jamaa aliye Amerika huenda akapoteza kazi katika msukosuko huohuo.

Isitoshe, kimbilio si la kudumu. Rais Donald Trump alipotangaza ushuru mpya Aprili 2, 2025, hofu ilirejea, lakini mara hii dola ilishuka huku faranga ya Uswisi, yeni na dhahabu zikipanda. Wawekezaji walikuwa wakiitilia shaka sera ya Amerika yenyewe.