“Shikamoo mama mdogo, picha hiyo ya mafuriko sitaiweza”

Ombi la namna hii haliletwi na jambazi. Huletwa na mtu wa nyumbani, tena kwa sauti ya upole: “Mwanangu, wewe si unajua kompyuta? Niwekee maji kidogo kwenye picha hii, bima wanilipe.” Anayeombwa ni kijana aliyemaliza chuo, anahariri picha na video za harusi, vipaimara na matangazo ya maduka kwa kompyuta yake ndogo. Anayeomba ndiye aliyemchangia ada. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Tuchukue mfano wa Dutwa, mji mdogo wa wilaya ya Bariadi, kwenye barabara ya Bariadi kwenda Lamadi. Mama ana duka la vifaa vya ujenzi. Usiku wa mvua za masika upepo unang’oa bati mbili za stoo, na mifuko 30 ya saruji inalowa. Kwa bei ya shilingi 20,000 kwa mfuko, hasara ni shilingi 600,000. Mama ana bima ya duka, lakini anaamini bima hulipa mafuriko tu, tena makubwa. Anamtumia mtoto wa dada yake picha tano kwa barua pepe, na ombi: maji yafike magotini, na mifuko ionekane 150.

Hiyo ni kutoka hasara ya shilingi 600,000 hadi dai la shilingi 3,000,000. Jibu la kijana mwenye akili timamu lingekuwa hivi:

*Shikamoo mama mdogo,*

*Pole sana kwa hasara ya stoo. Picha zako tano nimezipata na nimeziangalia moja moja.*

*Mama, kwa heshima zote, kazi ya kuweka maji na kuongeza mifuko sitaiweza. Si kwamba programu inanishinda. Picha hiyo ikipelekwa bima inakuwa ushahidi wa uongo, na utakayeitwa kujieleza wa kwanza ni wewe uliyesaini fomu, kisha mimi niliyeitengeneza. Sipendi yakukute hayo.*

*Tena nimeona jambo moja kwenye picha ya pili. Bati zimenyanyuliwa na upepo, misumari imeng’oka. Hayo si mafuriko, ni dhoruba. Naomba utazame mkataba wako au umuulize wakala kama una kinga ya dhoruba. Kama ipo, huenda ukalipwa kwa ukweli ulio nao.*

*Ninachoweza kukusaidia, bila malipo, ni hiki: nitakupangia picha halisi kwa mfuatano, niandike tarehe na maelezo chini ya nakala, na nikuandalie orodha ya mali iliyoharibika. Picha za awali usizifute kwenye simu.*

*Mifuko iliyoganda usiitupe kwanza. Nisalimie wadogo zangu.*

*Mwanao.*

Barua hiyo haimwiti mama mwizi, wala haimhubirii. Inakataa kazi moja waziwazi, inataja sababu, kisha inatoa kazi nyingine. Na lile la dhoruba ni kubwa kuliko mama anavyodhani.

Bima hulipa sababu, si picha

Bima nyingi za maduka msingi wake ni bima ya moto. Mafuriko, dhoruba na matetemeko huongezwa kama kinga za ziada, na kila moja hutajwa kwenye mkataba. Anayedai hulipwa kwa sababu iliyoleta hasara, iwapo sababu hiyo imetajwa. Upepo uliong’oa bati unaweza kuingia kwenye dhoruba. Bati lililotoboka kwa kutu miaka mitatu iliyopita na kuvuja kila mvua kwa kawaida haliingii, kwa kuwa uchakavu ni jukumu la mwenye mali.

Kwa hiyo mama huyu, akidanganya kwamba ni mafuriko, anaweza kuacha dai la kweli linalolipika na kushika la uongo lisilolipika. Tuseme mkataba wake una kinga ya dhoruba na unamtaka abebe mwenyewe asilimia 10 ya hasara. Kwa hasara ya shilingi 600,000 atabeba shilingi 60,000, na kampuni itamlipa shilingi 540,000. Si nyingi, lakini zinarudisha mifuko 27.

Akipeleka dai la shilingi 3,000,000 na likagundulika, hatalipwa hata zile 540,000. Mikataba ya bima huwa na sharti la udanganyifu: anayedai kwa uongo hupoteza haki kwenye dai zima, pamoja na sehemu iliyokuwa ya kweli. Mkataba wenyewe unaweza kuvunjwa.

Saruji haisemi uongo

Wengi hudhani mkadiria hasara anayetumwa na kampuni ya bima hukaa ofisini akitazama picha. Ukweli ni kwamba picha humsaidia kuanza tu. Kazi yake hasa ni kufika dukani, na akifika Dutwa saruji yenyewe itamweleza.

Maji ya mafuriko huingia kwa chini. Mifuko iliyopangwa kumi kumi hulowa kuanzia ule wa sakafuni, na ya juu hubaki mikavu. Maji ya paa lililong’oka hufanya kinyume: mfuko wa juu ndio huanza kuganda, na wa chini unaweza kusalimika. Mkadiria akikuta mifuko ya juu imekuwa mawe na ya chini bado ni unga, habari ya maji ya magotini imekwisha.

Kisha atatazama ukuta. Maji yaliyotuama hujisawazisha yenyewe, hivyo yakikauka huacha mstari wa tope wenye usawa mmoja chumba kizima, nyuma ya mlango na kwenye miguu ya meza. Ukuta ukiwa wa tofali za udongo, unyevu utapanda juu kidogo ya mstari huo. Picha inaweza kuchorwa maji, lakini ukuta wa stoo hauchoreki kwa kompyuta.

Halafu atahesabu. Saruji iliyolowa haipotei, inaganda. Mifuko 150 ya kilo 50 ni tani saba na nusu za mawe, nayo lazima iwepo mahali. Ataomba na risiti za manunuzi. Kama risiti za miezi ya karibuni zinaonyesha mifuko 60, hiyo 150 ilitoka wapi? Ataongea na majirani, kwa sababu mafuriko hayachagui duka moja. Anaweza pia kuomba taarifa za mvua kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Faili la picha nalo lina kumbukumbu

Picha ya simu hubeba maelezo yasiyoonekana juu yake: tarehe na saa ya kupigwa, aina ya simu, na mara nyingine mahali. Ikipitishwa kwenye programu ya kuhariri, jina la programu hiyo linaweza kubaki kwenye faili, sehemu iitwayo `Software`. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, sehemu kubwa ya maelezo hayo huondolewa. Ndiyo maana mkadiria anaweza kutaka faili la awali, au kuomba kuiona picha kwenye simu iliyoipiga.

Maelezo hayo yana mipaka yake. Saa ya simu inaweza kuwa imekosewa, na picha isiyo na maelezo si lazima iwe ya uongo. Kwa sababu hiyo mtu mzoefu hutazama pia picha yenyewe. Maji huakisi kilicho juu yake. Kama kuna rafu na dirisha juu ya maji, lakini ndani ya maji havionekani hata kwa ukungu, kuna mkono wa mtu. Mifuko iliyonakiliwa nayo hujirudia: kona ile ile iliyochanika huonekana mara nne.

Sheria inamtazama nani

Mzazi anayemwomba mtoto kazi hii anapaswa kujua anamwomba nini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 11, inakataza kubadili data ya kompyuta ili ionekane na kutumika kana kwamba ni halisi. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20 au mara tatu ya faida iliyopatikana, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 22, nayo inamhesabu aliyeshauri au aliyesaidia kosa kuwa ni mtendaji. “Mimi nilihariri tu” haimwokoi kijana, na “mimi niliomba tu” haimwokoi mama.

Hasara ikiwa ya kweli

Mjulishe wakala au kampuni mara moja, hata kwa simu, kisha kwa maandishi. Piga picha kabla ya kusafisha: moja ya mbali inayoonyesha chumba kizima, nyingine ya karibu, na nyingine ya sababu yenyewe, kama ni bati, mtaro au ukuta. Usizihariri, hata kuongeza mwanga. Ukitaka kuweka mshale au maandishi, fanya hivyo kwenye nakala. Andika idadi, bei na tarehe ya kununua, ambatanisha risiti, na omba barua ya mtendaji inayothibitisha tukio.

Baada ya picha, safisha. Bima haikutaki uishi na watoto kwenye maji machafu wiki nzima ukimsubiri mkadiria. Tenga mali iliyoharibika mahali pakavu ili aikute. Kama ni saruji, watoto wasiikaribie. Saruji iliyolowa huunguza ngozi taratibu, na mtu anaweza asihisi maumivu mpaka baadaye. Anayeibeba avae glavu na viatu vya mvua, na ikimgusa aoshe kwa maji mengi safi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 hivi, kisha nenda kituo cha afya.

Kampuni ikikataa dai la kweli, omba sababu kwa maandishi. Usiporidhika, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Huko ndiko picha tano zisizoguswa, orodha ya mifuko 30 na bati mbili zilizopinda zitakapokuwa na uzito.