Pipa la mafuta lilishuka, juu ya nini esanse haikushuka?

Wandugu wa Lusangi, wa Kasongo na wa Kabambare,

Kila mara radio inaposema mafuta yameshuka kwenye soko la dunia, motari anaenda kwa kadhafi na furaha yake, anakuta chupa iko bei ile ile ya jana. Hapo njo maneno yanaanza: kadhafi ni mwizi, serikali ni mwizi, wote ni wezi. Pengine wezi wako. Lakini kabla ya kumshika mtu shati, tufungue kwanza ile bei, tuone imejengwa na nini. Tunaona wengi wetu hatujawahi kufanya hesabu hiyo, na wakubwa hawana haraka ya kutufanyia.

Tuanze na mwaka 2022. Vita ya Ukraine ilipandisha mafuta, na kwa wastani wa mwaka ule pipa la Brent lilikuwa karibu dola 100. Kwetu dola ilikuwa karibu franka 2.000. Kwa hiyo pipa moja lilikuwa kama franka 200.000. Kiisha mafuta yakaanza kushuka, na mwisho wa 2023 pipa lilikuwa karibu dola 77. Karibu robo ya bei ilikuwa imeondoka. Lakini muda ule franka yetu nayo ilianguka, dola ikafika karibu 2.700. Zidisha 77 kwa 2.700, unapata franka 207.900. Yaani pipa lilishuka sana kwa mtu anayehesabu dola, na lilipanda kidogo kwa mtu anayehesabu franka. Sisi wote tuko upande wa pili.

Pipa moja ni litre 159, ila ile ni mafuta machafu kutoka chini ya udongo. Sisi tunanunua esanse na mazutu yaliyokwisha kusafishwa, na hayo yana bei yake kubwa zaidi. Mafuta ya Muanda, kule Kongo-Kati, yanauzwa inje ya inchi yakiwa machafu, kiisha tunanunua ya wengine. Yanayokuja upande wetu wa mashariki yanashuka meli Mombasa ao Dar es Salaam, na kutoka pale ni malori, mipaka, na kwa njia nyingine mashua ya Tanganyika.

Bei ya pampu inawekwa na Waziri wa Uchumi wa Taifa, kwa arete. Inchi imegawanywa katika kanda ine: Magharibi, Mashariki, Kusini na Kaskazini, na kila ukanda uko na karatasi yake ya hesabu, wanaiita structure. Mustari wa kwanza wa karatasi hiyo ni bei ya mafuta yakifika mpakani, iliyoandikwa kwa dola na kugeuzwa franka. Chini yake kuko gharama za kuweka akiba na kusafirisha, na sehemu ya kampuni zinazouza. Kiisha njo inakuja sehemu ya serikali: ushuru wa dwani, ushuru wa matumizi, pesa ya FONER ya kutengeneza barabara, na TVA ya 16%.

Tufanye litre moja. Namba hizi ni za mfano tu, tumezirahisisha, tusiseme ni za arete fulani. Litre inafika mpakani kwa dola 0,75. Gharama na sehemu ya muuzaji ni dola 0,12. Ushuru wote, mbali na TVA, tuuweke robo ya bei ya mpaka. Dola ikiwa 2.000, mpaka ni franka 1.500, gharama 240, ushuru 375. Jumla ni 2.115. TVA inaongeza 338, na pampu inaandika 2.453.

Sasa usiguse kitu hata kimoja, badilisha bei ya dola tu, iwe 2.700. Mpaka unakuwa 2.025, gharama 324, ushuru 506. Jumla 2.855. TVA sasa ni 457, na pampu inaandika 3.312. Mafuta hayakupanda hata senti moja kwa dola, lakini motari analipa franka 859 zaidi kwa litre.

Tazama sehemu ya serikali. Pale mwanzo ilikuwa 713, sasa ni 963. Imeongezeka franka 250, na hakuna bunge lililokaa kuongeza kodi. Ushuru ukihesabiwa kwa asilimia, franka ikianguka serikali inakusanya franka nyingi zaidi bila kusema neno. Mtu atajibu kwamba franka hizo nazo zimepoteza nguvu. Ni kweli. Lakini mwalimu wa Kabambare mshahara wake haukupanda kwa asilimia ile.

Kuko jambo lingine watu hawalijuaka. Mara nyingi serikali inaogopa kupandisha pampu, juu inaogopa fujo mujini. Basi inazuia bei, na kampuni zinauza chini ya hesabu ya kweli. Tofauti ile haipotei. Inaandikwa kuwa deni la serikali kwa kampuni, wanaiita manque à gagner, na baada ya kupanda kwa 2022 deni hilo lilifika mamia ya milioni ya dola. Deni linalipwa na hazina, yaani na sisi. Ao linalipwa pale pampu: mafuta yakishuka, bei inaachwa juu ili shimo lijazwe. Wale waliofaidika zaidi na bei iliyozuiwa ni wenye magari makubwa ya Kinshasa na Lubumbashi. Mama wa Lusangi anayesaga muhogo kwa mashine ya mazutu hakuiona bei ile hata siku moja, lakini deni ni lake pia.

Juu bei ya arete inaishia kwenye stasio. Kutoka pale mpaka kwetu ni bido juu ya moto, matope, daraja la miti, na vizuizi ambako kila mtu mwenye kamba anaomba kitu chake. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, njia ile ya zamani imekuwa ngumu zaidi. Hakuna mustari wa vizuizi kwenye structure. FONER uko na mustari wake, tunalipa kila litre, na barabara ya Kasongo kwenda Kabambare tunaijua sisi wenyewe.

Mwisho wa 2025 franka ilipata nguvu, dola ikatoka karibu 2.800 ikashuka mpaka karibu 2.300, na serikali ikapunguza pampu. Huku wengi waliuliza mbona kadhafi hashuki. Sehemu moja ni halali: alinunua bido kwa bei ya zamani. Lakini bido ya zamani haimalize miezi mitatu. Mtu akikuambia hivyo baada ya muda ule, anakudanganya. Na mchimbaji wa dhahabu wa Namoya, anayeuza kwa dola, alipata franka chache zaidi, akanunua esanse bei ile ile. Yeye aliumia mara mbili.

Kwa hiyo tunaomba vitu viwili kwa viongozi wa uchumi wa teritware zetu mbili. Kwanza, structure ya ukanda wetu ibandikwe mlangoni kwa ofisi na kwa kila stasio, ikionyesha tarehe yake na bei ya dola iliyotumika, ili mtu ailinganishe na bei ya siku ile ya Banki Kuu. Pili, waandike kwa karatasi pesa ya kila kizuizi kati ya stasio na Lusangi, nani anaichukua na kwa sheria gani. Kizuizi kisichokuwa na sheria kiondolewe.