Mlango wa Kutokea Uliofichwa

Dada mmoja wa Kyumbi, pale njia ya Machakos inapoachana na barabara ya Mombasa, aliwawekea wanawe programu ya masomo kwenye simu, siku 7 za majaribio bila malipo. Siku ya 6 akataka kujitoa. Kitufe kikubwa cha kijani kilisema "Endelea". Neno la kujitoa lilikuwa chini kabisa, dogo, la kijivu. Alipoligusa aliulizwa: "Kweli wataka kuwanyima watoto elimu?" Kisha akatakiwa apige simu ofisini, nayo haikupokewa. Akaifuta programu, akidhani yamekwisha. Keshokutwa yake pesa zikakatwa.

Mambo haya hupangwa. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki Amazon, ikidai kuwa kujitoa katika huduma ya Prime kulihitaji kupita kurasa 4 na kubonyeza mara 6. Mwaka 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi hiyo.

Basi tukumbuke: kufuta programu hakusitishi malipo. Ikiwa ulijiunga kupitia Play Store, huna haja ya kumpigia mtu simu. Fungua Play Store, gusa picha yako juu, kisha Payments & subscriptions, halafu Subscriptions. Chagua programu, gusa Cancel subscription, upige picha ya skrini iwe ushahidi. Swali la kukutia majuto likijitokeza njiani, lipite. Halikufungi kwa lolote.