Chujio Linapodondosha Tone kwa Tone

Mama mmoja wa hapa Tukuyu alitueleza hivi: chujio lake la mishumaa miwili, akilijaza jioni, asubuhi ndoo ya chini hukuta imejaa. Mwezi wa Aprili likaanza kuchukua siku nzima. Alidhani limekufa, akataka kulitupa.

Mama msomaji, wakati wa masika mito yetu ya Rungwe hushuka na udongo wa mashambani. Udongo huo hunata juu ya mshumaa na kuziba vitundu vyake, ambavyo ni vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Chujio lililopunguza mwendo polepole limechafuka tu.

Tulilifungua pamoja. Kwanza tulinawa mikono kwa sabuni. Tukalegeza nati ya chini na kuutoa mshumaa, huku tukiangalia tusishike shina lake, kwa kuwa hapo ndipo maji safi hupitia. Kisha tukausugua taratibu kwa mswaki mpya ndani ya maji yaliyochemshwa na kupoa, toka juu kwenda chini, mpaka ute wa kahawia ukaisha na weupe ukarudi. Sabuni hatukutia, maana huingia vitunduni na ladha yake haitoki. Wala usiumwagie maji yanayochemka, kwani mshumaa waweza kupasuka, au gundi ya kitako ikaachia.

Tulirudisha mishumaa na mipira yake, tukajaza ndoo ya juu, na maji ya kwanza tukamwaga. Tulipoijaza tena tukapima kwa jagi: saa moja, lita mbili. Asubuhi ile, kabla ya kusafisha, ilikuwa imetoa nusu lita. (Pima ndoo ikiwa imejaa, kwa sababu maji yakipungua juu, mwendo nao hupungua.)

Sasa, linalotutia hofu sisi wauguzi ni chujio linalokimbia ghafla. Hilo huenda lina ufa au mpira umekaa vibaya, nayo maji yanapita bila kuchujwa. Loweka mshumaa mpaka ushibe maji, uuzamishe, kisha upulize shinani kwa mrija safi. Mapovu yakitoka mfululizo mahali pamoja, ufa upo hapo hata kama huuoni. Mshumaa huo usigundishwe, nunua mwingine.

Kila unaposugua, mshumaa hupungua unene kidogo. Baadhi huuzwa na kipimo cha plastiki chenye uwazi. Kipimo kikipita mwilini bila kukwama, umekwisha. Kama hukupewa, zungushia waya mshumaa ukiwa mpya, uutunze, uone unavyolegea. Na ukiusafisha vizuri leo, kisha baada ya siku mbili tatu umeziba tena ingawa maji uliyotia yalikuwa meupe, uchafu umeshaingia ndani, badilisha.

Mama yule sasa hutuliza maji ya mto kwenye ndoo usiku kucha, akayapitisha kwenye kanga safi kabla ya kuyatia. Ya mtoto mchanga bado huyachemsha, kwa kuwa virusi vingine ni vidogo kuliko vitundu vya mshumaa.