Jina la Mafuta ya Nywele na Masikio ya Jirani

Mtengenezaji wa mafuta ya nazi ya nywele anayelenga wasichana wa Dar es Salaam na Mombasa huvutiwa kwanza na neno Nazi lenyewe, ingawa kwenye lebo msomaji wa Kiingereza au Kijerumani huliona jina la chama cha Hitler, na hata kama matamshi yanatofautiana, chupa husomwa kabla jina halijatamkwa. Kuongeza herufi hakusaidii, kwa kuwa Mnazi hubakiza tahajia ileile na, juu ya hayo, katika pwani ya Kenya ni pombe ya mnazi, harufu ambayo msichana hatapenda kuhusishwa nayo. Dafu, yaani nazi changa, hubeba ujana na msemo wa kufua dafu, lakini nchini Tanzania hukumbusha pia pesa za madafu, mzaha wa sarafu isiyo na thamani, kasoro inayovumilika kwa sababu huchekesha bila kudhalilisha. Kipimo kinachofaa ni kumwonyesha mzungumzaji wa kila lugha ya sokoni jina lililoandikwa tupu, kisha kumsomea, na kumwuliza linauza nini. Wazee pekee hawatoshi, maana matusi mapya huzaliwa kwa vijana. Kosa la jina kusikika vibaya kwa jirani huenda pande zote: Mavi, kampuni ya jinzi ya Istanbul, imechukua neno la Kituruki la rangi ya buluu, na Mswahili hahitaji kuelezwa zaidi.