Fakture ya uongo: siri ya kazi si kunyamaza

Vijana wenzetu, tuchukue mufano mumoja. Kontabule kijana, miezi tatu kazini hapa Bukavu, anapewa fakture ya kulipa: mifuko 140 ya simenti, kila mufuko dola 13, jumla dola 1820. Mbele ya kuiandika katika kitabu, anailinganisha na karatasi mbili: oda ya kununua, na karatasi yenye mutu wa depo alisaini siku mizigo ilifika. Zote zinasema mifuko 40, ni kusema dola 520. Kwenye fakture, «1» imeongezwa kwa wino ingine, na jumla imefutwa ikaandikwa upya. Dola 1300 hazikununua kitu.

Shefu anamwambia: «Andika tu, ni siri ya kazi.» Wengi wetu tungetetemeka, juu diplome ni nyingi na kazi ni chache. Lakini shefu anachanganya mambo mawili. Kanuni za kimataifa za wahasibu, zinazotolewa na IESBA, zinaomba kutunza siri, ndiyo: habari za kazi zisitoke inje ovyo. Lakini zinaomba pia uadilifu: usiunge mukono wako kwa hesabu unayojua kwamba inadanganya. Kutunza siri haikulazimishi kuandika uongo.

Basi afanye nini? Kwanza aulize. Labda mifuko 100 ilifika siku ingine; kadi ya stoki ya depo itaonyesha. Kama haionyeshi kitu, amwambie shefu wake. Kama shefu mwenyewe anaonekana ndani ya mambo, kanuni zinamutuma kwa mukubwa anayefuata juu. Wakati huo wote, asiandike fakture ile, na aweke kwa maandishi tarehe, alichoona, aliyemwambia, na jibu alilopewa.

Na picha ya fakture kwenye WhatsApp? Hapana, hata sisi wa harakati tunasema hapana. Mwizi atapata wakati wa kuficha karatasi zingine, na labda jina la mutu wa depo, asiye na kosa, litachafuliwa. Kanuni zinaacha mulango wa kupeleka jambo kwa mamlaka inayohusika, lakini kwa hali ya pekee, kisha kupima sheria inaruhusu nini.

Tuseme ukweli: kanuni hizi zinafunga wanachama wa mashirika ya wahasibu, na hazimulipii mutu nyumba akifukuzwa. Kumwambia kijana «kuwa mwaminifu» na kumwacha peke yake mbele ya shefu ni kumudanganya. Ndiyo maana tunaomba kila mwajiri aandike, tangu siku ya kwanza ya kazi, jina la mutu wa pili ambaye kontabule anaweza kumufikia bila kupitia kwa shefu wake. Mwajiri anayekataa kuandika jina hilo, tumuulize anaogopa fakture gani.