Chupa ya Mchanga

Mhadhiri wa Kitui mwenye slaidi 40 za mabwawa ya mchanga, akipewa dakika 15 mbele ya wanafunzi wa sekondari waliozuru chuo, asizifupishe zote. Achague swali moja: maji hukaa wapi mto unapokauka?

Ajaze chupa ya lita 1 mchanga mkavu wa mtoni, amimine maji polepole. Takriban theluthi ya lita itazama. Kisha atoboe chini: yatakayotoka ni pungufu ya yaliyoingia, nayo maswali huanzia hapo. Arudie kwa udongo laini. Maji yatasimama juu. Ndiyo maana baadhi ya kuta huinuliwa kwa hatua, mafuriko yapite na tope, mchanga mzito ubaki.